Umeme Umekata, Ulisevu?

Kwanza feni hupunguza mwendo. Printa hunyamaza karatasi ikiwa nusu ndani, nusu nje. Halafu mteja aliyekuwa akisubiri fotokopi huuliza swali ambalo kila mwenye steshenari amelisikia mara nyingi: “Dada, ulikuwa umesevu?”

Swali hilo linaulizwa pia Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga ambayo ndiyo mlango wa umeme wa Kanda ya Ziwa. Njia kuu iliyojengwa kwa uwezo wa kilovolti 400, yenye urefu wa kilometa 670 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, inaishia hapa, kwenye kituo cha kupoza umeme cha TANESCO. Kutoka Ibadakuli njia za kilovolti 220 huelekea Mwanza na mgodi wa Bulyanhulu, na kutoka Bulyanhulu ipo nyingine ya kilometa 55 hadi Geita. Umeme unaosaga mawe ya dhahabu na ule unaowasha kompyuta ya mwalimu hupita kwenye fundo hilohilo.

Lakini kuishi jirani na kituo si kuwa na umeme usiokatika. Mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulitokana na upungufu wa uzalishaji, na tatizo hilo lilipata nafuu kubwa baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwezi Februari 2024. Hata hivyo, tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Mara nyingi zaidi sababu ni ndogo na iko karibu: nguzo imeanguka, tawi limegusa waya, transfoma imezidiwa, radi za ukanda wa Ziwa Viktoria zimepiga laini. Wakati mwingine TANESCO haihusiki kabisa, ni LUKU tu imeisha uniti saa 3 usiku na mwenye simu ya kununulia amelala.

Kompyuta haijali sababu. Kwake kuna jambo moja tu, nalo ni muda.

Kila kompyuta ya mezani ina sanduku dogo la chuma linalogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kuendeshea vipuri. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na chaji kidogo pale umeme unapokatika. Viwango vya kiwandani huzitaka zishikilie mzigo mkubwa kwa takribani milisekunde 17. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani kila mzunguko ni milisekunde 20. Kwa hiyo ukipotea mzunguko mmoja tu, taa inaweza kupepesa kiasi cha jicho kutogundua, na kompyuta iliyokuwa na mzigo mkubwa ikajizima na kuanza upya.

Kupepesa huko kuna chanzo. Kwenye laini nyingi za kilovolti 33 huwekwa swichi inayojirudisha yenyewe. Tawi likigusa waya, swichi hukata, husubiri kidogo, kisha hurudisha umeme ili kuona kama tawi limeondoka. Lisipoondoka, hukata tena, na baada ya majaribio machache huacha moja kwa moja. Ndiyo maana siku ya upepo umeme “hucheza” mara mbili tatu kabla ya kwenda. Katika ukanda wa Geita kuna chanzo kingine: makarasha, yale yanayotumia umeme wa gridi. Mota kubwa ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya kiwango chake cha kawaida, na majirani walio kwenye transfoma ileile huona volti zikishuka kwa ghafla. Laptopu yenye betri haitikisiki. Kompyuta ya mezani huzima.

Inapozima, kinachopotea ni kile kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ile mafundi wanayoiita ramu. Maneno yanayoonekana kwenye skrini yanaishi humo hadi yaandikwe kwenye diski. Ramu ikikosa umeme husahau kila kitu. Hakuna fundi wa Kahama wala wa Dar es Salaam anayeweza kuyarudisha maneno ambayo hayakuwahi kufika kwenye diski.

Uchukuliwe mfano wa kazi inayojulikana sana kwenye steshenari za Shinyanga. Kikundi cha wanawake kinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unaogawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katibu wa kikundi analeta andiko la mradi kwenye daftari la mistari: ufugaji wa kuku, bajeti, orodha ya wanachama. Mchapaji anaanza saa 4:00 asubuhi katika Word, anachapa maneno 35 kwa dakika, na kwa kuwa wateja ni wengi hakumbuki kubonyeza Ctrl+S. Saa 4:38 umeme unakata.

Je, amepoteza dakika 38? Mara nyingi, hapana. Word ina utaratibu unaoitwa AutoRecover, ambao kila baada ya muda fulani huandika nakala ya dharura pembeni, hata kwa hati ambayo bado haijapewa jina. Kiwandani muda huo umewekwa dakika 10. Ikiwa nakala ya mwisho iliandikwa saa 4:30, amepoteza dakika nane, yaani maneno 280, karibu ukurasa mzima. Kama angekuwa ameuweka muda huo kuwa dakika mbili, hasara isingezidi sana maneno 70, aya moja fupi ambayo katibu bado anaikumbuka kichwani.

Mabadiliko hayo hufanywa mara moja: File, kisha Options, kisha Save, halafu namba iliyo mbele ya maneno “Save AutoRecover information every”. Chini yake kipo kisanduku cha kubakiza nakala ya mwisho endapo mtu atafunga bila kuhifadhi, nacho kiwekwe tiki. LibreOffice, ambayo ofisi nyingi huitumia kwa kuwa hailipiwi, ina mpangilio wa aina hiyohiyo chini ya Tools, Options, Load/Save, General, nao pia huanza na dakika 10. Mtu mwenye kompyuta ya zamani ataogopa kwamba kuhifadhi kila baada ya dakika mbili kutaifanya iwe nzito. Kwa barua na maandiko ya kurasa 20 hataona tofauti. Kwa hati yenye picha 60 zilizotoka kwenye simu, atahisi Word ikisita kidogo kila mara, na hapo dakika tano zinafaa.

Jambo ambalo wengi hulichanganya ni kwamba nakala ya AutoRecover si faili lililohifadhiwa. Ni faili la dharura lenye kiishio cha .asd, na hukaa ndani kabisa ya akaunti ya mtumiaji:

```
C:\Users\jina\AppData\Roaming\Microsoft\Word
```

Ukihifadhi na kufunga Word kwa utaratibu wa kawaida, faili hilo hufutwa, kwa sababu Word inaamini hatari imepita. Diski C ikiwa imejaa, jambo la kawaida kwenye kompyuta zenye filamu na miziki ya wateja, nakala ya dharura haina pa kuandikwa. Na kama mchapaji wa asubuhi alitumia akaunti moja ya Windows na wa jioni akafungua nyingine, wa jioni hataiona nakala hiyo ingawa ipo kwenye mashine ileile.

Umeme ukirudi, dakika za kwanza ndizo huamua. Word ikifunguliwa tena, upande wa kushoto hutokea safu ya Document Recovery yenye majina ya hati na saa zake. Hapo ndipo kazi nyingi hupotea mara ya pili. Mteja ana haraka, mchapaji anabonyeza Close ili aendelee, au anafungua faili la zamani kwa mkato wake wa kawaida na kuanza kuchapa juu yake. Inafaa kufungua kila nakala iliyomo kwenye safu, kusoma mwisho wake, kuchagua iliyofika mbali zaidi, kisha kubonyeza F12 na kuihifadhi kwa jina jipya kabla ya kugusa herufi nyingine. Jina jipya ni muhimu, kwa sababu iliyookolewa wakati mwingine imekosa jedwali au tanbihi ambayo bado ipo kwenye faili la awali.

Watumiaji wa Microsoft 365 wana kitu kingine kinachofanana kwa jina, AutoSave, ile swichi ya juu kushoto. Hiyo huhifadhi kazi mfululizo bila mtu kubonyeza chochote, lakini inataka faili liwe kwenye OneDrive au SharePoint, na inataka mtandao. Palipo na bando la uhakika ni msaada mkubwa. Ila ina tabia moja ambayo imewaliza watu: huhifadhi na makosa. Karani anafungua barua ya mwaliko ya mwaka jana ili aigeuze kuwa ya mwaka huu, anafuta majina na tarehe, na kabla hajafikiria kubadili jina la faili, barua ya mwaka jana imekwisha kubadilika. Kwa faili la aina hiyo, kitu cha kwanza ni Save a Copy, kisha kuhariri.

Hapo ndipo inapokuja haja ya matoleo.

Kuhifadhi kila baada ya dakika mbili kunamlinda mtu dhidi ya giza. Hakumlindi dhidi ya faili lililoharibika, wala dhidi ya bajeti iliyofutwa jana bila kujua. Na faili huharibika hasa pale umeme unapokatika katikati ya kuandika kwenye diski. Diski ya ndani ya Windows, yenye mfumo wa NTFS, ina daftari lake la kumbukumbu linaloiwezesha kurekebisha mpangilio wa mafaili baada ya kuzimika ghafla. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, ambazo hazina daftari hilo. Ndiyo sababu kufungua andiko moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya mteja na kulichapia humohumo ni kubahatisha. Linakiliwe kwanza kwenye kompyuta, lifanyiwe kazi hapo, lirudishwe kwenye flashi likiwa limefungwa.

Kwa kazi ya yule katibu wa kikundi, matoleo yangekuwa hivi:

```
Andiko_Kuku_01.docx
Andiko_Kuku_02.docx
Andiko_Kuku_03_kabla_ya_bajeti.docx
Andiko_Kuku_04.docx
```

Namba zina tarakimu mbili kwa sababu kompyuta na simu nyingine hupanga majina herufi kwa herufi, hivyo 10 ingetangulia 2. Neno “mwisho” halipo, maana kila mwenye steshenari ameshaona folda yenye “mwisho”, “mwisho kabisa” na “mwisho mpya”, na hakuna anayejua lipi lilipelekwa halmashauri. Toleo jipya halianzishwi kila dakika kumi, linaanzishwa kwenye kiungo cha kazi: sura imekwisha, bajeti inakaribia kubadilishwa, mteja amerudisha masahihisho, au mtu mwingine anakaa kwenye kiti. Andiko la kilobaiti 200 likiwa na matoleo 30 ni megabaiti sita tu, pungufu ya video moja fupi ya simu. Kisingizio cha nafasi hakipo.

Kwa anayesahau kubadili majina, Word yenyewe inaweza kumsaidia nusu ya njia. Ndani ya Options, sehemu ya Advanced, chini kwenye kundi la Save, kuna kisanduku “Always create backup copy”. Kikiwekwa tiki, kila unapohifadhi, toleo lililotangulia hubaki pembeni kama faili la .wbk lenye jina linaloanza na “Backup of”. Ni hatua moja tu ya nyuma, lakini faili kuu likiharibika hatua hiyo moja huwa ni thamani ya siku nzima.

Utajuaje kwamba faili limeharibika na si Word tu inayosumbua? Kwanza uangalie ujumbe. Ikisemwa kwamba faili limefungwa na mtumiaji mwingine, na mtumiaji mwenyewe ni wewe, basi hakuna kilichoharibika. Word ilipozimwa ghafla iliacha kifaili kidogo kilichofichwa ambacho jina lake huanza na ~$. Funga Word, kifute, fungua tena. Ikisemwa kwamba yaliyomo hayasomeki, nakili faili hilo mahali pengine, kisha fungua nakala kwa Notepad. Faili la docx kwa kweli ni kifurushi cha zip, na herufi zake mbili za kwanza ni PK. Ukiziona PK zikifuatiwa na alama zisizoeleweka, matumaini yapo: rudi Word, File, Open, Browse, lichague faili, bonyeza mshale ulio pembeni ya kitufe cha Open na uchague Open and Repair. Ukiona nafasi tupu mwanzo hadi mwisho, ingawa ukubwa wa faili unaonekana sahihi, basi jina na ukubwa viliandikwa lakini maneno hayakuwahi kufika. Hilo halitengenezwi. Kinachobaki ni toleo la 03.

Wapima ardhi na wachora ramani wa leseni ndogo za uchimbaji mkoani Geita hukutana na jambo hilihili katika sura nyingine. Wanafanya kazi na AutoCAD, mara nyingi kwa umeme wa jenereta ambayo mafuta yake huisha bila kuaga. AutoCAD nayo huhifadhi kila baada ya dakika 10 isipobadilishwa kwa amri ya SAVETIME, na nakala yake ya dharura ina kiishio cha .sv$, iliyotupwa kwenye folda ya mafaili ya muda. Pembeni ya mchoro wenyewe hukaa faili la .bak, ambalo ni mchoro kama ulivyokuwa kabla ya kuhifadhi kwa mwisho. Yote mawili hufunguka yakibadilishwa kiishio kuwa .dwg. Mchoraji anayejua hilo, akiona mchoro wa mashimo na mipaka umekataa kufunguka, hunakili mafaili yote mawili kwanza kabla ya kujaribu chochote. Wengi hufanya kinyume: huanza kuchora upya juu ya jina lilelile, wakafuta njia yao ya kurudi.

Vyote hivyo ni vya baada ya giza. Betri ni ya kabla yake, na kazi yake si kumwezesha mtu achape usiku kucha. Kazi yake ni kumpa dakika za kumaliza sentensi, kuhifadhi na kufunga vizuri.

Kwenye kompyuta ya mezani dakika hizo hutolewa na UPS. Zile ndogo zilizozoeleka madukani, za VA 650, hazina wati 650. Nyingi hubeba wati zisizofika 400, na ndani zina betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7. Kompyuta na skrini vikila wati 100, betri mpya huweza kutoa dakika 10 hadi 15. Betri iliyokaa miaka minne kwenye chumba cha mabati cha Shinyanga inaweza kutoa sekunde 20 tu, na taa yake ya kijani itaendelea kuwaka kama kawaida. Njia ya kujua ni moja: funga kazi zote, acha kompyuta ikiwaka, chomoa UPS ukutani na uhesabu kwa saa. Jaribio hilo lifanyike kila mwezi.

Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo hata siku moja. Ndani yake kuna kipasha moto kinachoyeyusha wino wa unga, na kinapowaka huvuta wati mia kadhaa kwa mkupuo. UPS ndogo huzidiwa na kukata kila kitu, ikiwemo kompyuta iliyokusudiwa kuokolewa. Ukiona kompyuta inazima wakati wa kuprinti ingawa taa za ukutani zinawaka, chanzo kinaweza kuwa hicho.

UPS zenye waya wa USB unaoingia kwenye kompyuta zina faida nyingine. Windows huziona kama betri ya laptopu, hivyo inaweza kuagizwa kulala yenyewe chaji ikishuka. Kulala huko kuwe kwa aina ya Hibernate, si Sleep. Sleep huiacha kazi kwenye ramu na kuendelea kula umeme kidogo. Betri ikiisha, kazi imekwenda. Hibernate huandika ramu yote kwenye diski kisha kompyuta huzima kabisa, na siku ya pili madirisha yote hurudi yalipokuwa.

Kwa laptopu, mtu aanze kwa kuijua betri aliyonayo, si ile iliyoandikwa kwenye boksi. Amri hii huandikwa kwenye dirisha la Command Prompt:

```
powercfg /batteryreport
```

Windows hutengeneza ukurasa uitwao battery-report.html na kueleza imeuweka wapi. Namba mbili ndizo za kutazama: DESIGN CAPACITY, uwezo wa kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Tuseme ya kwanza ni 41,000 mWh na ya pili ni 24,600. Betri imebaki na asilimia 60, sawa na wati-saa 24.6. Laptopu ikila wati 12, hizo ni saa mbili hivi. Ikishushwa hadi wati nane, ni saa tatu. Saa hiyo moja ya nyongeza hainunuliwi popote, inatoka kwenye mipangilio.

Skrini ndiyo mlaji mkubwa na ndiyo rahisi kupunguza. Kwenye chumba chenye giza mwanga wa asilimia 30 hadi 40 unatosha kabisa kuchapa. Kivinjari chenye kurasa 15 zilizofunguliwa kifungwe, maana kurasa zenye matangazo na video huendelea kufanya kazi hata zisipotazamwa. Wi-Fi na Bluetooth zizimwe kama hazitumiki. Kisha Battery saver iwashwe mara tu umeme unapokatika, bila kusubiri asilimia ambayo Windows imejiwekea.

Hapa kuna mtego unaopaswa kujulikana. Battery saver ikiwaka, OneDrive kwa mpangilio wake wa kawaida husimamisha kupeleka mafaili mtandaoni. Mtumiaji wa AutoSave anaona kazi inahifadhiwa, na ni kweli, lakini huenda inahifadhiwa ndani ya laptopu hiyo tu. Nakala ya mtandaoni huenda imebaki pale umeme ulipokatikia. Akimwomba mwenzake wa Kahama aifungue, mwenzake anaweza kuona kazi ya saa mbili zilizopita. Mtu ambaye hawezi kukubali hali hiyo airuhusu OneDrive iendelee kwa kubonyeza Resume, au atume toleo la mwisho kwenye WhatsApp yake mwenyewe kama hati.

Kitu kimoja kisiguswe katika kubana matumizi: muda wa AutoRecover. Wapo wanaourudisha kuwa dakika 20 ili kupunguza kazi ya diski. Kuandika andiko la kilobaiti 200 huchukua kitambo kidogo mno, na umeme unaookolewa hauonekani kwenye hesabu. Mwanga wa skrini hupunguza wati. Kuacha kuhifadhi hupunguza usalama tu.

Betri iliyozeeka ina hila nyingine. Husoma asilimia 15, kisha ghafla sifuri. Windows huandaliwa kuchukua hatua ya dharura chaji ikifika karibu asilimia 5, na kwa betri ya namna hiyo asilimia 5 haifiki kamwe. Kwenye laptopu nyingi kiwango hicho hupandishwa ndani ya Power Options, kwenye mipangilio ya juu ya Battery, palipoandikwa Critical battery level. Kiwekwe 15 au 20 kulingana na pale betri inapoangukia, na Critical battery action iwe Hibernate.

Umeme unaporudi, hakuna haja ya kukimbilia kitufe. Dakika za kwanza ndizo ambazo friji, pampu na mota zote za mtaa huwaka kwa pamoja, volti hupanda na kushuka, na swichi ya kujirudisha inaweza kukata tena. Kompyuta iliyozimwa na plagi yake ikiwa nje ya soketi haiwezi kudhurika. Mafundi wengi hushauri kusubiri dakika tano. Kompyuta nyingine huwaka zenyewe umeme ukirudi, kwa sababu ndani ya BIOS kuna mpangilio unaoziagiza hivyo, nazo zinaweza kuzimwa na kuwashwa mara tatu ndani ya dakika moja zikiwa zinaandika kwenye diski. Fundi aombwe aondoe mpangilio huo.

Mwenye steshenari anayesoma makala haya wikendi hii, kompyuta ikiwa imefunikwa kitambaa, aifunue kwa dakika moja. Afungue Word, File, Options, Save, atazame namba iliyo kwenye kile kisanduku. Kama ni 10, aandike 2, abonyeze OK, kisha afanye hivyohivyo kwenye mashine ya pembeni.